Usiku wa Jumamosi ni lini?

Kila Alhamisi mimi hukusanya vikaratasi vya matangazo ya msikiti wetu nikaviandika upya kwenye ukurasa mmoja, kila siku na tarehe yake. Juni 2025 kimoja kilisema: "Hitima kesho, usiku wa Jumamosi, baada ya Isha." Nikaiweka chini ya Jumamosi, 14 Juni. Watu walipofika, wenyewe walikuwa wamekwisha kusoma jana yake. Kwetu usiku hutangulia mchana, kwa hivyo usiku wa Jumamosi huingia Ijumaa magharibi. Na kikaratasi kiliandikwa Alhamisi. Hiyo "kesho" ilikuwa Ijumaa. Sasa naandika hivi: "Ijumaa, 13 Juni, usiku wa kuamkia Jumamosi, baada ya Isha." Nikiona "kesho", kwanza nauliza imeandikwa lini.