Uwiano wa Sharpe: faida ikipimwa pamoja na kuyumba kwake

Uwiano wa Sharpe ni namba moja inayoeleza mwekezaji amelipwa faida kiasi gani kwa kila kipande cha kuyumba alichokubali kukibeba. Unapatikana kwa hatua mbili. Kwanza, kutoka katika faida ya wastani ya uwekezaji hutolewa ile faida ambayo mtu angeipata bila kuhangaika, kwa kawaida riba ya dhamana za Hazina za muda mfupi. Kinachobaki huitwa faida ya ziada. Kisha faida hiyo ya ziada hugawanywa kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha umbali ambao faida za kila kipindi huwa nao kutoka kwenye wastani wake.

Kipimo hiki kimepewa jina la mchumi wa Marekani William Sharpe. Mwaka 1966 alichapisha utafiti kuhusu mifuko 34 ya uwekezaji wa pamoja ya nchini kwake, akitumia takwimu za mwaka 1954 hadi 1963. Aliipima mifuko hiyo dhidi ya fahirisi ya Dow Jones, ambayo haina meneja wa kuchagua hisa wala gharama za kuendesha ofisi. Uwiano wa mifuko hiyo ulikuwa wastani wa 0.633, na wa Dow Jones 0.667. Mifuko 11 tu ndiyo iliyoishinda fahirisi. 23 iliyobaki ilishindwa. Mwaka 1990 Sharpe alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Harry Markowitz na Merton Miller, ingawa sababu kubwa ilikuwa nadharia yake ya namna soko linavyopanga bei za mali zenye hatari, si uwiano huu.

Hesabu yenyewe ni rahisi ikifuatwa kwa mfano. Tuseme kuna mifuko miwili, na dhamana za Hazina zinalipa asilimia 8 kwa mwaka. Mfuko wa kwanza, kwa miaka mitano, umeleta faida ya asilimia 15, 7, 14, 21 na 13. Jumla ni 70, hivyo wastani ni 14. Mfuko wa pili umeleta asilimia 22, kisha hasara ya 10, kisha faida ya 46, 14 na 18. Jumla ni 90 na wastani ni 18. Anayeangalia wastani peke yake atauchagua mfuko wa pili bila kusita, na matangazo mengi ya mifuko huishia hapo hapo.

Sasa upimwe mkengeuko. Katika mfuko wa kwanza, mwaka wa kwanza ulizidi wastani kwa 1, wa pili ulipungua kwa 7, wa tatu ulikuwa sawa na wastani, wa nne ulizidi kwa 7 na wa tano ulipungua kwa 1. Kila tofauti huzidishwa kwa yenyewe, ili zilizo chini ya wastani zisifute zilizo juu: 1, 49, 0, 49 na 1, jumla 100. Jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya miaka ukitoa mmoja, yaani 4, na kutoa 25. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5, na huo ndio mkengeuko sanifu. Mfuko wa pili ukipitishwa katika njia hiyo hiyo unatoa 20. Faida ya ziada ya mfuko wa kwanza ni 14 kutoa 8, yaani 6. Ikigawanywa kwa 5, uwiano ni 1.2. Ya mfuko wa pili ni 10. Ikigawanywa kwa 20, uwiano ni 0.5.

Mwenye kupenda faida kubwa anaweza kuuliza kwa haki kabisa: yeye anakula asilimia 18, si uwiano, kwa hiyo 1.2 inamsaidia nini? Jibu limo katika uwezo wa kuchanganya. Chukua shilingi 1,000,000, weka 250,000 katika mfuko wa pili na 750,000 katika dhamana za Hazina, na urudishe mgawanyo huo kila mwanzo wa mwaka. Kwa kuwa ni robo tu ya fedha inayoyumba, mkengeuko wa mchanganyiko huo unashuka kutoka 20 hadi 5, sawasawa na wa mfuko wa kwanza. Faida yake ni robo ya 18 pamoja na robo tatu ya 8, yaani 4.5 na 6, jumla asilimia 10.5. Mfuko wa kwanza, kwa kuyumba kule kule, unalipa 14. Pengo la asilimia 3.5 ndilo linalofichwa na wastani mkubwa wa mfuko wa pili. Upande wa pili wa hoja hii unahitaji mkopo: mwenye uwezo wa kukopa kwa riba ile ile ya asilimia 8 angeweza kuukuza mfuko wa kwanza hadi uyumbe kama wa pili, na bado angebaki mbele yake. Watu wa kawaida hawakopeshwi kwa riba ya serikali, kwa hiyo upande huo hufaa zaidi taasisi kubwa. Upande wa kupunguza hatari uko wazi kwa kila mtu.

Riba inayotolewa mwanzoni mwa hesabu lazima iwe ya sarafu ile ile ya uwekezaji na ya kipindi kile kile. Mfuko wa shilingi ya Tanzania hupimwa kwa dhamana za Hazina zinazonadiwa na Benki Kuu ya Tanzania, na wa shilingi ya Kenya kwa zile za Nairobi. Akitumia riba ya Marekani, ambayo kwa kawaida ni ndogo, mtu ataona faida ya ziada mahali ambapo haipo. Mfuko unaolipa asilimia 10 wakati dhamana zinalipa 12 haujampa mteja wake malipo yoyote kwa hatari aliyobeba, hata kama grafu yake inapanda kila mwezi.

Ugumu wa kwanza wa kipimo hiki ni uchache wa takwimu. Miaka mitano ni michache mno. Kosa la makadirio la uwiano, kama faida za miaka hazitegemeani na zinafuata mtawanyiko wa kawaida, ni takriban kipeuo cha pili cha moja jumlisha nusu ya uwiano uliozidishwa kwa wenyewe, baada ya kugawanywa kwa idadi ya vipindi. Kwa mfuko wa kwanza wa mfano wetu linakuwa kama 0.6. Maana yake, 1.2 iliyoonekana inaweza kuwa imetoka katika mfuko ambao uwiano wake halisi ni karibu na sifuri, au katika mfuko wa 2.4. Hata tofauti ya 1.2 na 0.5, iliyoonekana kubwa hapo juu, haijathibitisha kwamba mfuko wa kwanza ni bora. Kuipanga mifuko kwa uwiano wa miaka mitatu na kutofautisha 0.9 na 0.8 ni kupanga bahati.

Ili kupata takwimu nyingi zaidi, wachambuzi hutumia faida za kila mwezi. Uwiano wa mwezi huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 12, yaani karibu 3.46, ili uwe wa mwaka, 0.3 ya mwezi inakuwa takriban 1.04. Sababu ni kwamba faida ya ziada hukua mara 12 katika mwaka, ilhali mkengeuko hukua mara 3.46 tu, kwa kuwa miezi mibaya na mizuri hupunguzana nguvu. Lakini hilo ni kweli tu ikiwa mwezi mmoja haufuati mwendo wa mwezi uliotangulia.

Hapa ndipo soko dogo linapohitaji jicho la karibu. Katika masoko ya hisa kama la Dar es Salaam, baadhi ya kampuni zinaweza kukaa siku nyingi bila hisa zake kuuzwa, na bei inayoandikwa ni ile ya mauzo ya mwisho. Tuseme habari mbaya inaishusha thamani ya kampuni kwa asilimia 20 katika siku za mwisho za mwezi. Sehemu ya wauzaji tu imepata wanunuzi, bei imeshuka asilimia 8, na iliyobaki inajitokeza kidogo kidogo katika miezi miwili inayofuata. Mwenye hisa amepoteza kile kile, ila katika vitabu pigo moja kubwa limegeuka kuwa matatu madogo, na mkengeuko sanifu, unaozidisha kila tofauti kwa yenyewe, huyahesabu matatu madogo kuwa mepesi kuliko moja kubwa. Kigawanyo kinapungua na uwiano unapanda bila meneja kufanya lolote. Majengo yanayothaminiwa mara moja kwa mwaka yana tatizo lilo hilo kwa ukali zaidi.

Dalili yake inaweza kuonekana na mtu yeyote mwenye orodha ya faida za miezi. Akizipanga kila moja mbele ya ile ya mwezi uliotangulia, akaona miezi mizuri inafuatwa na mizuri na mibaya kwa mibaya, basi bei zinachelewa na kule kuzidisha kwa 3.46 kunadanganya. Mtafiti Andrew Lo alionyesha mwaka 2002 kwamba kwa sababu hii uwiano wa mwaka wa mfuko wa aina hiyo unaweza kuzidishwa kwa hadi asilimia 65.

Ugumu mwingine ni mzito zaidi, kwa kuwa hautokani na kuchelewa kwa bei bali na aina ya hatari yenyewe. Mfuko unaoishi kwa kuwauzia wengine kinga dhidi ya kuporomoka kwa soko hukusanya ada ndogo kila mwezi. Miaka ikiwa ya amani, faida haiyumbi na uwiano unang'aa. Fidia itakayolipwa siku soko litakapoanguka haimo katika kigawanyo, kwa sababu bado haijatokea. Mkengeuko sanifu hupima yaliyokwisha kutokea tu, tena bila kutofautisha juu na chini: ile asilimia 46 iliyomfurahisha mteja wa mfuko wa pili ilihesabiwa kama kosa sawa na ile hasara ya 10.

Kwa hiyo uwiano unaozidi 2 kwa miaka mingi mfululizo unastahili uchunguzi kabla ya sifa. Fedha zilizopitishwa kwa Bernard Madoff wa New York zilionyesha faida ya takriban asilimia 10 kwa mwaka na miezi michache sana ya hasara, hata katika miaka ambayo hisa kubwa za Marekani, alizodai kuzinunua, zilianguka vibaya. Mchambuzi Harry Markopolos aliwaandikia wasimamizi wa soko mwaka 2000, na tena kwa kirefu mwaka 2005, kwamba faida isiyoyumba namna hiyo haiwezi kutoka katika hisa zinazoyumba. Hakusikilizwa. Madoff alikamatwa Desemba 2008, ikabainika kwamba biashara alizowaonyesha wateja hazikuwahi kufanyika: kigawanyo cha uwiano wake kilikuwa kidogo kwa sababu faida zenyewe ziliandikwa mezani.