Swali Moja, Siku Nzima

Jumatatu saa kumi jioni, mtengeneza programu wa Dar es Salaam anamaliza marekebisho aliyoyaanza asubuhi. Mfumo wa malipo wanaoutunza una kasoro: mtandao ukikatika katikati ya muamala, programu hutuma ombi lile lile tena, na mteja hukatwa fedha mara mbili. Dawa yake ni kuupa kila muamala namba ya kipekee, ili seva ikiiona namba hiyo mara ya pili ijue kwamba ni marudio, isikate tena. Mistari ya msimbo haizidi 60. Anaomba marekebisho yaunganishwe kwenye programu kuu, anafunga kompyuta, anakwenda zake.

Mkaguzi wake yuko San Francisco. Miezi ya kiangazi, kazi huko huanza Dar es Salaam ikiwa saa moja usiku. Anasoma, anauliza swali moja: namba hiyo inahifadhiwa kwa muda gani? Mwenzake analiona Jumanne asubuhi, anajibu kwamba ni saa 24. Wakati huo California bado ni Jumatatu, saa tano usiku, watu wamelala. Jumanne yake ilipofika, mkaguzi anauliza la pili: na miamala ya zamani isiyo na namba, itakuwaje? Jibu linakuja Jumatano. Siku hiyo hiyo anaomba jina moja ndani ya msimbo libadilishwe ili lieleweke. Linabadilishwa Alhamisi, idhini inatoka Dar ikiwa usiku, inakutwa Ijumaa asubuhi. Na kwa kuwa hakuna anayependa kugusa mfumo wa malipo kuelekea mwisho wa wiki, kazi inasubiri Jumatatu.

Mfano huu nimeutunga, lakini yeyote aliyefanya kazi na timu ya namna hii ataitambua hesabu yake. Ukijumlisha muda ambao watu hawa wawili walifanya kazi hasa, huenda usifike saa mbili. Wiki nzima imeliwa na kusubiriana. Timu ambayo saa zake za kazi hazikutani haipimi ukaguzi kwa saa. Huupima kwa mizunguko. Kila swali na jibu lake ni siku moja. Mapatano yote ya timu kama hiyo yana lengo moja, nalo ni kupunguza mizunguko.

Mzunguko wa kwanza hufutwa na anayeomba kukaguliwa. Kabla ya kutuma, ajiulize mkaguzi atakwama wapi, kisha ajibu papo hapo. Katika mfano wetu, sentensi mbili zingetosha: namba inahifadhiwa saa 24 kwa sababu programu huacha kurudia kabla ya muda huo kwisha, miamala ya zamani haiguswi kwa sababu imekwisha kufungwa. Aeleze pia alivyojaribu na alichokiona, ili mwenzake asilazimike kuuliza kama kweli inafanya kazi. Ombi liwe dogo. Mwongozo wa ukaguzi ambao Google imeuweka wazi kwa umma unasema mistari 100 kwa kawaida ni kiasi kinachofaa, na 1,000 kwa kawaida ni mingi mno. Ombi kubwa huzaa maswali mengi, na mengine huzaliwa baada ya ya kwanza kujibiwa.

Mzunguko wa pili umo mikononi mwa mkaguzi. Asitoe maoni kwa vipande. Asome mpaka mwisho, aandike yote kwa mara moja, na kila oni alipe alama. Timu zinaweza kukubaliana maneno matatu tu: LAZIMA, kwa lisilofanyika kazi haipiti, SWALI, kwa anachotaka kuelewa, PENDEKEZO, kwa ambalo mwenye kazi ana hiari nalo. Bila alama hizo, mtu aliye mbali husoma kila neno kama kizuizi. Lile jina lililokula siku mbili lilikuwa pendekezo tu.

Palipobaki mapendekezo matupu, au jambo dogo ambalo mkaguzi anaamini litarekebishwa, atoe idhini pamoja na maoni yake. Mwongozo huo huo wa Google unashauri hivyo hasa pale mwandishi na mkaguzi wanapoishi katika saa tofauti, ili mtu asisubiri siku nzima neno la kukubaliwa tu.

Hapa pana mtego. GitHub ina mpangilio unaosomeka hivi:

```
Dismiss stale pull request approvals when new commits are pushed
```

Ukiwashwa, idhini hufutika kila mara msimbo mpya unapoongezwa. Mwenye kazi anarekebisha lile jambo dogo, idhini inapotea, anarudi foleni. Timu nyingine huuzima mpangilio huo kwenye kazi zisizo na hatari. Kwenye mfumo wa malipo ni busara kuuacha, na badala yake kumpa mtu wa pili aliye Dar es Salaam mamlaka ya kuidhinisha marekebisho madogo ya mwisho.

Makabidhiano ni upande wa pili wa jambo hili. Muuguzi hatoki wodini kabla ya kumwachia anayeingia zamu ripoti ya wagonjwa. Mtengeneza programu naye, kazi ikibaki katikati, aipakie kwenye tawi lake hata kama haijakamilika. Iliyobaki kwenye kompyuta yake, kwa mwenzake ni kama haipo. Kisha aache maelezo mafupi:

```
TAWI: malipo-mara-mbili
HALI: majaribio 14 kati ya 15 yanapita
KINACHOGOMA: jaribio la mtandao kukatika
NIMEJARIBU: kuongeza muda wa kusubiri; haikusaidia
HATUA: angalia kama namba inatumwa kwenye marudio
USIGUSE: jedwali la miamala
```

Mstari unaosahaulika zaidi ni ule wa nne. Usipouandika, mwenzako atatumia asubuhi yake kujaribu kile ulichokwisha kushindwa nacho.

Uamuzi nao usilale. Kama una njia mbili na zote zinaweza kugeuzwa baadaye, andika ile utakayofuata na saa ya mwisho ya kupingwa: nisipopata jibu kufikia Alhamisi 06:00 UTC, nitafuata ya kwanza. Lakini kimya kisihesabiwe kuwa ridhaa kwa jambo lisilorudi nyuma, kama kufuta data za wateja.

Saa zote ziandikwe kwa UTC. Sisi tuna sababu mbili za kuwa waangalifu. Marekani hubadilisha saa zake Machi na Novemba, sisi hatubadilishi, hivyo pengo letu na San Francisco huwa saa 10 kiangazi na 11 majira ya baridi. Tena sisi huhesabu kuanzia macheo, na ni rahisi mtu kuandika 4 akimaanisha saa nne asubuhi, mwenzake akasoma alfajiri au alasiri. Kwa Afrika Mashariki hesabu ni nyepesi: chukua saa ya Kiswahili ya mchana, ongeza tatu, umepata UTC. Saa nne asubuhi ni 07:00 UTC.

Maandishi nayo yana kikomo. Mzozo ukifika mzunguko wa tatu bila kuisha, acheni kuandikiana, pigianeni simu. Mmoja wenu atalazimika kuamka usiku. Kubalianeni mapema kwamba itakuwa kwa zamu, asiwe yule yule wa Dar es Salaam kila wiki.