Kwa Nini Filamu Iliyofungwa Haigeuziki

Tuseme mwalimu wa Katesh, wilayani Hanang, amenunua filamu ya volkeno na kuipakua katika simu yake. Akilinakili faili kwenye kompyuta, halifunguki, na programu ya kubadili miundo hulikataa. Faili si bovu. Picha zake zimegeuzwa kuwa fumbo, aghalabu kwa ufunguo wa biti 128, na ufunguo huo umefichwa ndani ya simu yenye leseni. Bila ufunguo, hakuna picha ya kugeuzwa.

Ili aitazame akiwa kijijini Mbulu pasipo mtandao, aipakue ndani ya programu ya muuzaji, kisha azime mtandao na kuijaribu kabla ya safari. Leseni nyingine huisha muda, nazo huhuishwa kwa mtandao. Akitaka nakala ya kudumu, anunue ile inayouzwa bila kufuli.