Nyumba ya Luano yapandisha bei ya nyumba ya Manchester

Wana diaspora wengi kutoka Lubumbashi hutuma pesa nyumbani kujenga. Wengine hujenga Luano, upande wa uwanja wa ndege, nyumba ya kupangisha leo na kurudia uzeeni. Lakini anayeishi Uingereza, siku akinunua nyumba huko, nyumba hiyo ya Luano itahesabiwa na watoza kodi.

Kodi yenyewe ni ushuru wa stempu, na mnunuzi ndiye anayeulipa. Katika England na Ireland ya Kaskazini, tangu tarehe 1 Aprili 2025, bei ya nyumba inakatwa vipande. Pauni 125,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo mpaka 250,000 inatozwa 2%, halafu 5% mpaka 925,000. Nyumba za bei kubwa zaidi zina ngazi zake. Wengi wanakosea hapa: kila asilimia inagusa kipande chake tu, si bei yote.

Tuchukue mume na mke wanaopanga Manchester, wamepata nyumba ya pauni 300,000. Kipande cha pili kinaleta pauni 2,500, na zile 50,000 zinazobaki zinaleta 2,500 nyingine. Jumla ni pauni 5,000. Kama wote wawili hawajawahi kuwa na nyumba popote duniani, wasingelipa hata senti kwa bei hiyo.

Ila bwana ana nyumba Luano. Tangu tarehe 31 Oktoba 2024, mwenye nyumba nyingine anaongezewa 5%, na nyongeza hiyo inashika bei yote, kuanzia pauni ya kwanza. Hiyo ni pauni 15,000 juu ya zile 5,000. Nyumba ya 300,000 imekuwa ya 320,000, mbali na gharama za mwanasheria. Na ushuru unapaswa kulipwa ndani ya siku 14 baada ya kukamilisha ununuzi. Familia iliyokusanya pauni 30,000 za kutanguliza benki inajikuta inatafuta 20,000 nyingine.

Kununua kwa jina la mke peke yake hakusaidii, maana wanandoa wanaoishi pamoja wanahesabiwa kama mtu mmoja. Anayeokoka ni yule anayeuza nyumba aliyokuwa akiishi na kununua nyingine ya kuishi. Anayetoka kwenye upangaji hana mlango huo.

Thamani ya nyumba ya Luano ndiyo inaamua mambo. Ikiwa soko linaipa chini ya pauni 40,000, nyongeza haiji, ingawa nafuu ya mnunuzi wa mara ya kwanza imepotea, na wale wawili watalipa 5,000. Parsele tupu, isiyo na nyumba, haihesabiwi kabisa. Kwa hiyo kuna wanaopiga hesabu upya: matofali yangoje kwanza, mpaka ufunguo wa Manchester uwe mkononi.