Diski Ipo, Windows Haiioni

Unapiga Windows upya kwenye laptopu. Umechagua lugha, umekubali masharti, unafika pale pa kuchagua diski, na orodha ni tupu. Chini yake kuna maandishi: "We couldn't find any drives. To get a storage driver, click Load driver." Yaani kisakinishi hakijaona diski hata moja, na kinaomba kipewe draiva. Hapa ndipo wateja wengi huambiwa kwamba diski imekufa. Wapo wanaonunua mpya, ikafungwa, na ujumbe ukabaki uleule.

Kama laptopu yako ina prosesa ya Intel Core ya kizazi cha 11 au cha karibuni zaidi, zile zilizoanza kutoka mwaka 2020, usikubali haraka hukumu hiyo. Kizazi unakisoma kwenye jina la prosesa: i5-1135G7 ni ya 11, i5-1235U ni ya 12. Kwenye mashine hizi mara nyingi diski ni nzima kabisa.

Tuanze na kinachotokea ndani. Unapowasha kompyuta, BIOS ndiyo inayoisoma flashi kwanza. Inachukua Windows ndogo iliyomo na kuipakia kwenye RAM, kisha inajitoa. Kuanzia hapo Windows hiyo ndogo inategemea draiva zake yenyewe. Draiva ya kawaida ya diski za NVMe inayo, na kwenye laptopu nyingi inatosha. Lakini katika vizazi hivi Intel imeweka ndani ya prosesa kidhibiti kiitwacho VMD, nacho kinakaa kati ya diski na Windows kama bawabu mlangoni: hakuna anayeifikia diski bila kupita kwake. Windows inamwona bawabu, haijui kuzungumza naye, na diski iliyo nyuma yake haionekani.

VMD ilitokana na kompyuta kubwa za seva, ambako diski nyingi huunganishwa na kusimamiwa pamoja. Kwenye laptopu ya diski moja, mtumiaji wa kawaida hafaidiki nayo sana. Laptopu ilifanya kazi vizuri ulipoinunua kwa sababu kiwanda kilikwisha kuiwekea draiva hiyo. Ulipofuta kila kitu na kuanza na flashi mpya, ulianza bila hiyo.

Kabla ya kuhangaika na draiva, hakikisha diski ipo. Ingia BIOS, kwa F2 au F10 kutegemea mtengenezaji, utafute jina na ukubwa wa diski. Ukiviona, diski inaitika. Kisha rudi kwenye kisakinishi, bonyeza Shift+F10 (laptopu nyingine hudai na Fn), na kwenye dirisha jeusi uandike:

```
diskpart
list disk
```

Tuseme laptopu ni ya i5-1235U yenye diski ya GB 512, na flashi yako ni ya GB 16. Ukiona mstari mmoja tu, wa GB 14 hivi, hiyo ni flashi yenyewe. BIOS inaona diski, Windows haioni: kinachokosekana ni draiva ya VMD.

Draiva hiyo ipakue kwa kompyuta nyingine, kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, ukitafuta kwa modeli kamili iliyoandikwa chini ya mashine. Inaitwa Intel Rapid Storage Technology, au kwa kifupi RST. Ukiikosa, tovuti ya Intel inayo. Angalia maelezo yake yataje kizazi cha prosesa yako, maana toleo jipya si lazima lihudumie vizazi vyote vya nyuma.

Kosa linalowakwamisha wengi liko hapa. Unachopakua kwa kawaida ni faili la .exe, na watu hulitupa hivyohivyo kwenye flashi. Kisakinishi hakiwezi kulitumia. Kinatafuta faili la .inf, linaloeleza draiva ni ya kifaa gani, pamoja na wenzake wa .sys na .cat, yote yakiwa wazi ndani ya folda moja. Faili la zipu nalo ni hivyo, lazima lifunguliwe kwanza. Kama ulichopata ni SetupRST.exe ya Intel, fungua dirisha la amri kwenye folda ulimolipakua, kisha andika:

```
SetupRST.exe -extractdrivers vmd
```

Itatokea folda yenye folda nyingine ndani yake. Chimba mpaka uione ile yenye iaStorVD.inf, kisha inakili nzima kwenye flashi ileile ya Windows. Huhitaji flashi ya pili, wala hutaharibu kilichomo.

Rudi kwenye laptopu, ufike tena kwenye orodha tupu, ubonyeze Load driver, kisha Browse, uifungue flashi na kuchagua folda ile. Herufi ya X: iache, hiyo ni ile Windows ndogo iliyo kwenye RAM. Ukibonyeza OK, mambo yakiwa sawa utaona mstari unaosema Intel RST VMD Controller, ukifuatiwa na namba ya kifaa. Kwa kizazi cha 11 utakuta 9A0B, na kwa i5-1235U yetu 467F. Uchague, bonyeza Next, subiri kidogo. Diski itajitokeza ikisomeka kama GB 476, ambayo ndiyo GB 512 ya kwenye boksi ikihesabiwa kwa mtindo wa Windows. Endelea kama kawaida. Draiva uliyoipakia hapo itaingia pia kwenye Windows inayosakinishwa, kwa hiyo mashine itawaka bila flashi.

Badala ya mstari huo unaweza kupata "No signed device drivers were found." Mara nyingi maana yake ni kwamba umechagua folda isiyo na .inf, au draiva ni ya kizazi kingine. Usiondoe tiki ya kuficha draiva zisizofaa ili tu upate kitu cha kubonyeza. Orodha itajaa majina, na diski itabaki haionekani.

Wako mafundi wanaokwepa yote haya kwa kuzima VMD ndani ya BIOS. Kwenye diski moja isiyo na kitu cha kuhifadhi, njia hiyo inafaa. Acer huificha sehemu hiyo mpaka ubonyeze Ctrl+S kwenye ukurasa wa Main, na laptopu nyingine hazina kabisa pa kuizimia. Lakini ukiizima kwenye mashine ambayo Windows yake ya zamani bado unaihitaji, huenda ikagoma kuwaka na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Na kama diski mbili zilikuwa zimeunganishwa kuwa moja, utakuwa umeuvunja muungano huo. Mimi naona kupakia draiva ndiyo njia salama.

Upo pia ujumbe unaofanana, usiohusu VMD: "A media driver your computer needs is missing." Huu huja mapema, kabla ya orodha ya diski, na mara nyingi kisakinishi kimeshindwa kuisoma flashi yenyewe. Jaribu tundu lingine la USB, na ikishindikana tengeneza flashi upya kwa faili la Windows ulilolipakua upya, kwa kuwa lililokatika njiani huleta ujumbe huohuo.

Na ukiambiwa diski yako imekufa, mwombe fundi aingie BIOS mkiwa pamoja akuonyeshe jina la diski. Likiwepo, usilipie diski mpya kabla draiva haijajaribiwa.