Umati, Genge au Mkutano? Hukumu Iliyofichika katika Nomino za Habari

Utangulizi

Mwandishi wa habari akifika mahali palipo na watu wengi huwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kueleza kilichotendeka. Ya pili, ambayo mara nyingi haitambui, ni kuwapa watu hao jina. Jina hilo huja mapema katika sentensi, kabla ya kitenzi na kabla ya ushahidi wowote, na msomaji hulipokea kana kwamba ni sehemu ya tukio lenyewe. Makala haya yanachunguza nomino tano zinazotumika sana katika taarifa za Kiswahili nchini Kenya, yaani umati, halaiki, genge, mkusanyiko na mkutano, kwa nia ya kuonyesha hukumu inayobebwa na kila mojawapo. Mwishoni yanaligusia neno la sita, wananchi, ambalo hutumika mahali ambapo halikutarajiwa.

Ichukuliwe sentensi hii ya kutungwa: "Polisi walitawanya umati nje ya afisi za kaunti." Hebu neno umati liondolewe na mahali pake patiwe halaiki, kisha genge, mkusanyiko, na hatimaye mkutano. Polisi ni wale wale, afisi ni zile zile, na hata idadi ya watu haijabadilika. Hata hivyo, katika sentensi yenye genge polisi wamefanya kazi yao, ilhali katika ile yenye mkutano wanahitajika kujieleza. Tofauti hiyo haikutokana na ukweli mpya wowote. Imetokana na nomino peke yake.

Umati na halaiki: wingi usio na nia

Umati na halaiki ni maneno ya wingi. Yote mawili yana asili ya Kiarabu, na historia yake inafaa kukumbukwa. Umati una udugu na umma, na katika maandishi ya Kiislamu ya Waswahili hutaja jamii ya waumini iliyounganishwa na imani moja. Halaiki nayo inatokana na neno lenye maana ya viumbe. Katika lugha ya magazeti, ule muungano wa imani umeondoka katika umati na kilichobaki ni ukubwa tu. Anayesoma kwamba umati ulifika uwanjani huambiwa kuwa watu walikuwa wengi. Haambiwi walikuja kwa nini, nani aliwaita, wala kama walikuwa na ajenda.

Baina ya maneno haya mawili kuna tofauti ndogo. Halaiki huelekea kutaja watu wanaotendewa au wanaotazamwa, hivyo huamsha huruma au mshangao. Ndiyo maana likapata nafasi katika istilahi ya mauaji ya halaiki, ambapo halaiki ni wahasiriwa. Umati kwa upande wake unaweza kutenda, na unaweza kugeuka. Mhariri akiandika kwamba umati ulianza kurusha mawe, msomaji hashtuki. Akiandika kwamba halaiki ilianza kurusha mawe, sentensi inakuwa na ukakasi ingawa sarufi haijavunjwa.

Hukumu ya maneno haya inaonekana vyema zaidi katika upatanisho wa kisarufi. Watu wako katika ngeli ya A-WA: watu waliimba, wakasikiliza, wakaondoka. Wakishaitwa umati, viambishi vya viumbe hutoweka na mahali pake hukaa u-: umati uliimba, ukasikiliza, ukaondoka. Mamia ya watu wenye nia mbalimbali wamekuwa kitu kimoja chenye mwendo mmoja. Matokeo yake ni kwamba kosa la wachache husambazwa kwa wote. "Umati ulivunja madirisha" ni sentensi inayomtia hatiani hata muuza maji aliyekuwa akipita. "Baadhi ya watu waliokuwapo walivunja madirisha" huwarudisha wahusika katika A-WA, na papo hapo swali la ni nani hasa hufufuka.

Vitenzi navyo husaidia kazi hiyo. Umati na halaiki humiminika na kufurika, ambavyo ni vitenzi vya maji. Maji hayana hoja. Huzuiwa au huelekezwa, na hakuna anayeyauliza yanadai nini.

Genge: nia mbaya isiyohitaji ushahidi

Tofauti na umati, genge ni neno la nia. Kamusi huonyesha kwamba genge limewahi kumaanisha kikosi cha wafanyakazi, na pia mahali panapouzwa vyakula, maana ambazo hazina doa. Katika habari za Kenya, hata hivyo, genge limeshikamana na majambazi, wahuni na wahalifu kiasi kwamba halihitaji tena kufuatwa na maneno hayo. Genge haliji, huvamia. Haliondoki, hutoroka.

Kutokana na hali hiyo, neno hili hutoa hukumu kabla ya mahakama. Waandishi waangalifu hujaribu kujilinda kwa kuandika kuhusu "genge la washukiwa". Kinga hiyo ni dhaifu, kwani kirai hicho kinajipinga chenyewe: washukiwa hawajathibitishiwa kosa, lakini genge limekwisha kuwatia hatiani. Kama kinachojulikana ni kwamba vijana saba walikamatwa, basi "vijana saba" inatosha. Neno kundi nalo hutajwa kama mbadala mpole, na kwa kiasi fulani ni kweli, ingawa halijaepuka kabisa kivuli cha makundi ya nyati na nzige. Kikundi, chenye kiambishi cha udogo, ndicho kilichopata heshima: kikundi cha akina mama, kikundi cha kuweka akiba.

Mkusanyiko na mkutano: hukumu iliyo ndani ya mofimu

Jozi hii ndiyo yenye funzo kubwa zaidi kwa mwanafunzi wa mofolojia, kwa sababu tofauti yake imo katika viambishi vya unyambuaji. Mkutano unatokana na kutana, yaani kuta pamoja na -an- ya kutendana. Ndani ya neno kuna pande zinazokutana, kila mmoja akiwa mtendaji. Mkusanyiko unatokana na kusanyika, yaani kusanya pamoja na -ik-. Kiambishi hiki hutaja hali inayofikiwa bila kumtaja aliyeisababisha, kama katika vunjika na pasuka. Mkutano kwa hiyo una mwitaji, ajenda na mwenyekiti. Mkusanyiko umetokea tu.

Vitenzi vinavyoandamana na maneno hayo huthibitisha hoja hii. Mkutano huitishwa, hufunguliwa, huhutubiwa na huahirishwa, na ukiingiliwa huvunjwa. Mkusanyiko hutawanywa. Kinachovunjwa kilikuwa na umbo, na aliyekivunja ameharibu kitu. Kinachotawanywa hakikuwa na umbo la kuharibiwa.

Sheria nayo imeuathiri mkusanyiko. Kifungu cha 78 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaeleza mkusanyiko haramu kuwa unaweza kufanywa na watu watatu tu, mradi wana nia ya kutenda kosa au mwenendo wao unawafanya majirani wahofu kwa sababu za msingi kwamba amani itavunjwa. Kwa upande mwingine, Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Kitenzi kusanyika kwa hiyo kimo katika haki na pia katika kosa, na mwandishi anayeandika mkusanyiko bila maelezo humwachia msomaji achague.

Kisa cha Kamukunji

Tukio la tarehe 7 Julai 1990, lijulikanalo kama Saba Saba, linaonyesha jinsi uteuzi huu unavyoamua upande wa taarifa. Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliokuwa wakidai mfumo wa vyama vingi, walikusudia kuitisha mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Wakati huo sheria ilitaka mkutano wa aina hiyo uwe na leseni, na leseni ilikataliwa. Tarehe 4 Julai wawili hao walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Siku ilipowadia watu walifika uwanjani hata hivyo, polisi wakawakabili, ghasia zikaenea, na watu kadhaa wakapoteza maisha.

Je, waliofika Kamukunji walikuwa nani? Anayeandika kwamba polisi walivunja mkutano anasema, bila kusema, kwamba mkutano ulikuwapo ingawa leseni haikutolewa. Anayeandika kwamba walitawanya mkusanyiko haramu amekubali kwamba leseni ndiyo inayofanya mkutano uwe mkutano. Anayeandika umati amekwepa swali na kuwanyima watu hao dai lao. Anayeandika genge amefuta kabisa siasa katika tukio la kisiasa. Waitishaji walikuwa kizuizini, na hapo ndipo penye ugumu wa kweli: mkutano usio na mwitaji uwanjani hufanana sana na mkusanyiko. Taarifa ya haki haiwezi kutegemea nomino moja. Inapaswa kueleza kuwa mkutano ulipangwa, leseni ikakataliwa, waitishaji wakakamatwa, na watu wakafika.

Mwaka 1997 Sheria ya Utulivu wa Umma ilirekebishwa, na mahali pa leseni pakawekwa arifa inayopelekwa polisi kati ya siku 3 na 14 kabla ya tarehe ya mkutano. Tangu hapo, swali la kwanza la mwandishi mwangalifu ni kama arifa ilitolewa. Hata hivyo, kukosekana kwa arifa hakuwageuzi watu kuwa genge.

Wananchi wenye hasira

Kiswahili hakina nomino moja iliyokubalika kwa umati unaoua. Pengo hilo magazeti yamelijaza kwa kirai maarufu: wananchi wenye hasira. Mshukiwa wa wizi huripotiwa kuuawa na "wananchi wenye hasira" waliochukua sheria mikononi mwao. Hapa hukumu imepinduka. Mwananchi ni neno la heshima, mwenye nchi na haki zake, na hasira imetajwa kama sababu, karibu iwe udhuru. Aliyeuawa huachwa nje ya uananchi ingawa hakuwahi kufikishwa mahakamani, na mara nyingi mshukiwa wa aya ya kwanza huwa mwizi kufikia aya ya tatu. Waandamanaji wanaorusha mawe wanaweza kuitwa genge, ilhali wauaji wakaitwa wananchi. "Watu waliompiga hadi akafa" ni maelezo mafupi yasiyo na udhuru wala matusi.

Hitimisho

Haiwezekani kuandika habari bila kuwapa watu jina, na hakuna nomino iliyo safi kabisa. Linalowezekana ni kuipima nomino kwa maswali matatu kabla ya kuichapisha. Je, kuna aliyeitisha? Ikiwa yupo, mkutano ni haki yake hata kama polisi wameuvunja. Je, nia inayodaiwa imethibitishwa? Ikiwa haijathibitishwa, genge halina nafasi. Je, tendo lilifanywa na wote au na baadhi? Ikiwa ni baadhi, sentensi irudi katika ngeli ya A-WA, na waliotenda watenganishwe na waliosimama tu.