Arobaini za darasani, sitini za gengeni

Wanafunzi watano wa masomo ya jioni jijini Dar es Salaam walipewa kazi ya kikundi: watafute ni mauzo mangapi yanarudisha gharama, pasiwe na faida wala hasara. Mmoja wao, binti, alipendekeza biashara ya shangazi yake, anayeuza nyanya sokoni Tandika.

Gharama za kila siku, auze asiuze, ni 12,000: meza, ushuru na posho ya kijana wa kazi. Tenga la 42,000 hutoa mafungu 70, kwa hiyo kila fungu limemgharimu 600. Ongeza mfuko wa 100. Fungu linauzwa 1,000, linabaki 300. Gawanya 12,000 kwa 300: mafungu 40. Kanuni ilikuwa sahihi, kikundi kikaridhika.

Jumamosi binti akaenda kumsaidia shangazi. Mauzo yalipofika 40 akampongeza.

“Shangazi, gharama imerudi. Sasa ni faida tupu.”

“Faida ya wapi, mwanangu? Hela ya tenga yenyewe haijatimia. Mimi nikifika sitini ndiyo napumua.”

Binti akahesabu pesa za kwenye kopo la maziwa. Zilikuwa 40,000, wakati tenga peke yake ni 42,000.

Hapo ndipo somo lilipomwingia. Hesabu ya darasani huchukulia kwamba bidhaa isiyouzwa haijakugharimu kitu, kwa sababu kesho itauzwa kwa bei ileile. Hiyo ni sawa kwa misumari. Nyanya za shangazi zilikuwa zimeiva kabisa, na zikilala zinapondeka na kutoa maji. Tenga likishateremshwa kwenye guta, ile 42,000 imekwenda, auze fungu moja au yote. Inakaa upande wa meza na ushuru. Kinachoongezeka kwa kila fungu linalouzwa ni mfuko tu.

Akarudia hesabu nyuma ya risiti: 12,000 na 42,000 ni 54,000. Fungu likitoka linaacha 900. Gawanya: 60 kamili, kama alivyosema shangazi, ambaye hajawahi kuiona hiyo kanuni.

Kuna jambo jingine ambalo kikundi kilikuwa kimeliandika kama kosa la shangazi: siku nyingine jioni anashusha fungu hadi 500, chini ya 600 aliyonunulia. Lakini saa kumi na mbili ile 600 hairudishwi kwa kuing’ang’ania bei. Fungu la 500, ukitoa mfuko, linaingiza 400 ambazo kesho asubuhi zingekuwa sifuri. Angalizo moja tu: wateja wakizoea kusubiri jioni, mafungu ya 1,000 hayatafika 60, na hesabu yote inaharibika. Ndiyo maana shangazi hashushi bei kila siku.

Kwa hiyo, kabla hujagawanya, jiulize kwanza bidhaa yako ikilala itauzwa shilingi ngapi kesho.